Mzee wa Namba Arobaini na Saba

Ofisini walimwita Bi Orodha, na hakukasirika, maana jina lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi wake. Kazi yake katika taasisi ya kupambana na rushwa ilikuwa hiyo tu. Mtu akishukiwa kula fedha za umma, wapelelezi huingia kwake na hati ya upekuzi, na Bi Orodha huingia nyuma yao kutaja mali. Haandiki. Anatembea chumba hadi chumba na simu karibu na mdomo, anasema kila anachokiona, na jioni mchapaji anaisikiliza sauti ile na kuipanga mistari. Orodha inaambatanishwa na maombi, maombi yanapelekwa kwa jaji asubuhi yake bila mshukiwa kuitwa, kwa sababu ukimwita leo, kesho gari limeshaandikwa jina la shemeji. Jaji akiridhika anatoa amri ya zuio. Mwenye mali hajahukumiwa kitu. Anaambiwa tu kwamba vilivyoorodheshwa visiuzwe, visigawiwe, visiharibiwe, wala visitolewe vilipo, mpaka mahakama iseme vinginevyo.

Kwa miaka kumi na minane hakusahau hata kijiko. Alijivunia jambo hilo kiasi cha kuwachosha wenzake wakati wa chai.

Nyumba ninayoisimulia hapa ilikuwa ya mkuu wa manunuzi wa idara ya maji, mtu ambaye mafundi wake walimwita Bwana Sahihi, kwa kuwa alitia sahihi haraka na bila kusoma. Kwa mujibu wa karatasi zake, mtaa mzima wa wakazi elfu nane ulikuwa umetandaziwa mabomba mapya na mkandarasi amelipwa mpaka senti ya mwisho. Kwa mujibu wa wakazi elfu nane, bomba ni kitu walichokisikia redioni. Alishtakiwa, akapata dhamana, akarudi nyumbani kusubiri kesi. Mali yake ilizuiwa kwa miezi sita, kisha zuio likaongezwa miezi sita mingine. Wakati wa kuongeza, kijana mmoja wa ofisini ndiye aliyetumwa kukagua. Alisimama mlangoni, akachungulia, akaandika "vyote vipo," akaenda zake kula.

Mwezi wa kumi na moja wa zuio Bi Orodha akaenda mwenyewe. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Aliyemfungulia mlango ni mke wa Bwana Sahihi, mwanamke mrefu mwenye macho ya mtu aliyechoka kucheka.

"Karibu," alisema. "Ila uvue viatu. Zulia ni lenu sasa."

"Si letu, mama. Limezuiwa tu."

"Basi vua kwa heshima ya zuio."

Sebuleni hakuna kilichosogezwa. Bi Orodha alianza kuhesabu kwa kidole huku anafurahi moyoni, mpaka alipofika kwenye meza ndogo ya dirishani. Palikuwa na chombo cha udongo chenye maua. Aliyakumbuka maua yale, mekundu, moja likiwa na jani lililoliwa na mdudu pembeni. Aliligusa jani hilo. Lilikuwa bichi, na tone la maji likamdondokea kidoleni.

"Unayabadilisha kila wiki?" aliuliza.

"Nibadilishe vipi kitu cha serikali? Hiyo ni namba thelathini na moja. Ulitaja chombo kimoja na maua yake." Yule mama alisema bila kupandisha sauti. "Mwezi wa kwanza niliyatupa, nikasema bora mnifunge. Asubuhi nikayakuta hapo hapo. Nikayatupa tena. Sasa nayaangalia tu."

Bi Orodha aliondoa mkono kwenye jani. Ndipo sauti ya kiume ikatoka kwenye kiti cha ngozi kilichoelekea ukutani.

"Ni yeye huyo? Nigeuzeni nimwone."

Yule mama alishika kiti, akakizungusha taratibu palepale kilipo, na ndani yake alikuwamo mzee mwembamba aliyefunikwa blanketi hadi kifuani. Viganja vyake vilikuwa vikubwa kuliko mwili wake, vyenye makovu ya msumeno na moto.

"Shikamoo, baba," alisema Bi Orodha.

"Marahaba, binti. Sauti yako naijua. Naisikia kila nikifumba macho."

Alikuwa baba mzazi wa Bwana Sahihi. Maisha yake yote alikuwa fundi bomba, na uzeeni mwanawe alimhamishia kwenye nyumba hii kubwa. Siku ya upekuzi alikuwa mahututi. Daktari alikuwa amekuja asubuhi ile, akamvuta mkwe pembeni, akamwambia wamwite kila wa kuitwa, hazizidi siku tatu. Siku tatu hizo zilikuwa zimefika miezi kumi na moja.

"Nilikuwa nimeshaanza kwenda," mzee alisema. "Sikuwa na maumivu. Niliona kama natembea uwanjani jioni, kumetulia. Kisha nikasikia mtu anasema nyuma yangu, 'Mzee mmoja, kwenye kiti.' Nikasimama. Toka siku hiyo nimesimama."

Tangu siku hiyo ndevu hazikuota wala kucha hazikukua. Njaa ilimuuma bila kumwua na kikohozi kilimbana bila kumaliza kazi. Usingizi ulikuja hadi kwenye kope, ukageuka. Walijaribu kumpeleka hospitali mara tatu. Mara zote tatu gari la kukodi lilizima getini, na wakimrudisha kitini linawaka lenyewe kama halijawahi kuumwa.

"Kumi na moja ni mingi, binti," mzee alisema, na machozi yakamtoka. "Nimechoka. Niondoe."

Bi Orodha alifungua jalada. Namba arobaini na sita: kiti cha ngozi, kimoja, cha kuegemea. Namba arobaini na saba: mzee, mmoja, hali dhaifu. Namba arobaini na nane: blanketi. Chini ya ukurasa, sahihi yake, na mhuri wa mahakama. Mchapaji hakuwa na kosa. Alipanga alichosikia, maana kwa miaka kumi na minane Bi Orodha alikuwa amemfundisha asibadilishe neno hata moja. Mwenye kosa ni yeye, aliyetia sahihi mistari mia mbili na kumi na mbili bila kuisoma, siku ile ile aliyomcheka Bwana Sahihi kwa tabia hiyo hiyo.

Wakili wa serikali alimsikiliza hadi mwisho, akafunga mlango wa chumba chake, kisha akaufunga na kwa ufunguo.

"Habari za maua na gari usizirudie mbele ya mtu," alisema. "Tuseme kuna kosa la uchapaji."

"Si la uchapaji. Ni langu."

"Dada yangu, unajua unachokiomba? Ukila kiapo kwamba hukusoma orodha, wakili wa mshtakiwa atasimama aseme orodha yote ni uchafu. Ataomba zuio zima lifutwe. Jioni akaunti ziko tupu na nyumba imeuzwa. Na wewe utamwaga unga."

"Na mzee?"

Wakili alichezea kalamu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na woga wake ulikuwa umeokoa kesi nyingi. Mwishowe alisema njia ipo na imo kwenye sheria. Mtu yeyote asiye mshukiwa, anayedai kwamba kitu kilichozuiwa ni chake, anaweza kuiomba mahakama kikitoe kwenye orodha. Alete hati ya kiapo aeleze ni chake kwa vipi. Kwa kawaida huwa ni mjane mwenye shamba au fundi aliyeacha cherehani yake kwa mtu.

"Basi mzee aombe mwenyewe," wakili alisema. "Aape kwamba yeye si mali ya mwanawe. Na aeleze alikotoka na nani alimtunza, kwa sababu jaji atauliza. Wewe utaapa kuhusu ulivyoorodhesha. Mungu atusaidie sote."

Kamishna wa viapo alikubali kuja nyumbani, kwa kuwa mleta maombi hakuweza kupita getini. Alikuwa mtu wa haraka mwenye mhuri mfukoni, na alipomwona mzee haraka yake ikamwisha. Bwana Sahihi hakuwapo, alikuwa ameenda kuripoti polisi kama dhamana yake ilivyomtaka. Bi Orodha alikaa mbali, karibu na mlango, kwa kuwa haikuwa kazi yake kumwekea mzee maneno mdomoni.

Mzee alieleza. Alizaliwa wapi, alijifunza ufundi kwa nani, alipanga chumba kimoja kwa miaka thelathini katika mtaa ule ule wa wakazi elfu nane. Kodi alilipa kwa jasho lake.

"Andika na hili," alisema. "Mwanangu aliponiambia mtaa wetu umepata mabomba, nilifurahi nikataka kuona. Nilichukua nondo yangu, nikaenda kuchoma ardhi kama tunavyofanya mafundi. Unachoma, ukigonga chuma au plastiki mkono unajua. Nilichoma barabara nzima, pande zote mbili, siku mbili. Mkono haukujua kitu. Nilirudi hapa nikala chakula chake, nikanywa dawa zake, sikumwuliza."

Mkwe wake alipiga magoti mbele ya kiti. "Baba, hayo hayatakiwi. Umeulizwa wewe ni nani tu. Ukiyasema hayo unamzika mume wangu."

"Ndilo nililoulizwa, mwanangu. Mimi ni mtu aliyejua, akala. Nikiapa nusu nitaondoka nusu, na kubaki njiani nimeshakujua kulivyo."

Kamishna alimsomea yote pole pole. Mzee akatia dole gumba, kwa sababu vidole havikuweza kushika kalamu. Mkwe alilia waziwazi, na Bi Orodha naye akalia, akageuka ukutani asionekane, ingawa kila mtu alimwona.

Kisheria nakala ilibidi ipelekwe upande wa pili. Bwana Sahihi aliisoma kwenye ofisi ya wakili wake, mara tatu, yeye ambaye hakuwa na mazoea ya kusoma kitu mara moja. Usiku huo, kama mkewe alivyokuja kusimulia baadaye, alikaa sakafuni karibu na miguu ya baba yake bila taa. Asubuhi akamwambia wakili aandike pingamizi.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, chenye feni moja iliyolalamika. Jaji alikuwa mama mwenye miwani iliyoteremka puani. Aliisoma hati ya Bi Orodha, akainua macho, akamtazama muda mrefu sana.

"Ulitia sahihi bila kusoma?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mistari yote?"

"Mingine baadaye niliihakiki mmoja mmoja, mheshimiwa. Ipo na ni sahihi. Huu mmoja ndio kosa, na ni kosa langu."

Wakili wa Bwana Sahihi alisimama. Kwanza aliomba zuio zima lifutwe kwa uzembe huo. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, akasema kwamba endapo mahakama itaendelea na zuio, mteja wake anapinga namba arobaini na saba kutolewa.

Miwani ya jaji ilizidi kuteremka. "Anapinga baba yake kutolewa kwenye orodha ya mali? Kwa msingi gani?"

Wakili alimtazama mteja wake. Alikuwa ameambiwa sababu, na kama mtu mwenye leseni ya kulinda hakuthubutu kuitamka. Bwana Sahihi akainuka mwenyewe. Alikuwa mtu mnene zamani, na suti yake ilikuwa bado inamsubiri arudi.

"Mheshimiwa, mkimtoa atakufa."

"Amri yangu haimtibu mtu, bwana."

"Ndiyo inayomshika. Yeyote aliyefika nyumbani kwangu anajua. Mwulizeni huyo mama." Alimwonyesha Bi Orodha. "Nimekosa mengi, sijui mtasema nini juu ya hayo. Lakini huyo ndiye baba niliye naye. Muacheni akae."

Feni ililalamika. Wakili wa serikali aliangalia viatu vyake. Bi Orodha aliona mikono ya jaji imeacha kupekua karatasi, na akajua kwamba mama yule amemwelewa na hataki kumwelewa.

"Mahakama hii ina swali moja tu mbele yake," jaji alisema. "Kitu hubaki kwenye orodha hii kama ni mali yako, au kinashukiwa kuwa yako. Ukitaka abaki, lazima useme. Ni mali yako?"

Bwana Sahihi alifungua mdomo mara mbili. Mtu angeweza kuona mle usoni kwake jibu la kwanza likipita, lile la haraka, lile la sahihi zake zote.

"Si mali yangu," alisema. "Ni baba yangu." Akaketi, akafunika uso.

Jaji alifuta namba arobaini na saba. Yaliyobaki yote, akaunti, nyumba, magari, kiti, aliyaacha chini ya zuio hadi kesi isikilizwe, na akaamuru taasisi ijieleze kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Kabla ya kutoka kwenye korido ya lifti, Bi Orodha alikuwa ameshaambiwa kwamba kuanzia Jumatatu atahamia chumba cha kutunza majalada. Hakubisha. Aliomba jambo moja, kwamba apeleke yeye mwenyewe nakala ya amri.

Alimkuta mzee macho yamemkodoka kuelekea mlangoni. Alisoma amri kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, na alipofika mwisho mzee alivuta pumzi iliyoingia hadi ndani, akaanza kukohoa kikohozi cha kweli, cha mtu mwenye mwili.

"Si hapa," alisema. "Nipelekeni kwangu. Nipelekeni mtaani."

Bwana Sahihi alimbeba mwenyewe. Magari yote yalikuwa kwenye orodha, na hakuna aliyetaka kuyagusa, kwa hiyo wakapanda gari la Bi Orodha, dogo, lenye vumbi. Getini wote wanne walibana pumzi. Gari likapita.

Mtaa ulikuwa wa vyumba vya kupanga vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, na barabara ya udongo katikati. Chumba cha mzee kilikuwa na mpangaji mwingine sasa, lakini mwenye nyumba alimkumbuka, akatoa mkeka, wakamlaza kwenye kibaraza chenye kivuli. Ilikuwa saa sita mchana. Ndevu zilikuwa zimeanza kumwota njiani, nyeupe, za miezi kumi na moja kwa saa moja, na kucha zake zilikuwa ndefu zimejikunja. Mkwe alizificha chini ya mtandio wake.

Mzee alitazama mwanawe. Midomo ilikuwa imekauka ikapasuka.

"Maji," alisema.

Bwana Sahihi aliruka. Aliangalia ukutani kwa mazoea, akitafuta bomba, na hapakuwa na bomba. Alibisha mlango wa kwanza. Mama mmoja akasema wa maji hajapita tangu juzi. Akabisha wa pili, wa tatu. Bi Orodha alimwona akishuka barabara ile ndefu na suti yake inayompwaya, akibisha upande huu, akivuka upande ule, na watu wakitoka kumtazama, kwa maana baadhi walimjua sura kutoka magazetini. Hakuna aliyemtukana. Walitikisa madumu yao, wakamwonyesha kwamba yanalia matupu.

Mwisho kabisa wa barabara mtoto wa kike alimpa robo kikombe. Alirudi nacho kwa mikono miwili, hatua ndogo ndogo, macho kikombeni, asimwage hata tone. Alikuwa na barabara nzima ya kurudi, na alikuja pole pole sana.

Mkwe alikuwa ameshafumba macho ya mzee. Bi Orodha, ambaye kazi yake ilikuwa kutaja kila anachokiona, alisimama kibarazani akimtazama mtu yule anavyokaribia na maji, na hakuweza kusema kitu.